Usiwasomee wenye maduka risala

*Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tunakamua alizeti hapa Singida tangu 2019, tukiuza kwenye madumu yasiyo na jina. Mwaka huu tumenunua mashine ya kuchuja na tumetengeneza lebo, na mafuta tumeyapa jina la marehemu bibi yetu. Mwezi wa saba tunazindua chapa ukumbini. Tumealika watu 120: wenye maduka, mawakala wa jumla, mama lishe, wakulima wanaotuuzia mbegu, watu wa benki, na Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ndiye mgeni rasmi. Mimi ndiye nitakayezungumza, nimepewa dakika kumi. Nimeandika kurasa sita, nakutumia uzione: historia, mafanikio, changamoto, na matarajio yetu ya kusambaza Tanzania nzima. Kaka anasema haina ladha ila hasemi nibadilishe nini. Ghalani tuna mbegu tani 90. Nisaidie.*

Marahaba. Kurasa zako nimezisoma zote, na kaka yako ana haki ya kulalamika ingawa kashindwa kusema tatizo. Ulichoandika si hotuba, ni risala.

Risala sote tunaijua tangu siku ya mahafali ya darasa la saba. Inaandikwa kwa ajili ya mkubwa. Inaanza kwa kumshukuru kwa kuacha majukumu yake mengi, inasimulia tulikotoka, inataja mafanikio, inateremka kwenye changamoto, inamalizia na maombi. Ni mtindo mzuri kwa kazi yake. Tabu ni kwamba ukiisoma, uso wako unaelekea meza kuu, kwa mtu mmoja, na wale 119 waliobaki wanageuka mashahidi wa mazungumzo yasiyowahusu. Sasa piga hesabu ya nani analeta fedha. Mkuu wa Wilaya atachukua chupa mbili na kupiga nazo picha. Mwenye duka la pale sokoni, akikukubali, atachukua katoni 12 kila mwezi kwa miaka. Hotuba ya uzinduzi ni ya huyu wa pili.

Basi vitenge. Andika risala ya ukurasa mmoja, uweke humo umeme unaokatika na barabara ya ghala, na aisome kaka yako mbele ya mgeni rasmi. Wewe zungumza na wateja na wabia. Na ratiba ipange hivi: wageni waingie saa 4 asubuhi, wewe upande jukwaani saa 4 na nusu, na barua ya mgeni rasmi imwambie afike saa 5 na nusu. Mwelezeni katibu wake mapema kwamba saa ya kwanza ni ya maelezo ya bidhaa kwa wafanyabiashara, na kwamba Mheshimiwa atakuja kupokea risala, kukata utepe na kutoa hotuba yake. Hakuna atakayeona amevunjiwa heshima. Nasema haya kwa sababu nimeona uzinduzi ukisubiri gari la mgeni hadi saa 7 mchana, na wenye maduka wakiondoka mmoja mmoja, kwa sababu duka lililofungwa asubuhi ni hasara isiyorudi. Waliobaki kusikia hotuba walikuwa ndugu wa mwenye kampuni na watu wa mapambo.

Kuhusu urefu: kwa kusoma kwa utulivu, maneno yetu ya Kiswahili, ambayo ni marefu, yanakwenda kama 100 kwa dakika. Kurasa zako sita zina maneno yapata 2,100. Hizo ni dakika 21. Umepewa kumi, tumia saba, na zile tatu ziache kwa makofi, kipaza sauti kinachokoroma na maswali.

Sasa twende kwenye kilichomo, na hapa nitakaa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mteja wangu hotuba ya kuzindua sabuni ya maji. Niliipenda sana. Ilikuwa na bahari ndani yake, na mama yake, na ndoto. Watu walipiga makofi, kisha mzee mmoja wa duka la jumla akanyoosha mkono akauliza, "Na dumu likivuja njiani, hasara ya nani?" Mteja wangu akanitazama mimi. Sikuwa nimeandika kitu. Akajibu kwamba watalifanyia kazi, na nikaona mzee anafunga daftari lake. Tangu siku hiyo siandiki sentensi ya kwanza ya hotuba ya uzinduzi kabla sijapata jibu la dumu linalovuja.

Kwa hiyo, kabla ya maneno, namba. Umeandika "tutasambaza Tanzania nzima". Chukua tani zako 90. Mashine za kukamua za kawaida hutoa kama kilo 25 za mafuta kwenye kilo 100 za mbegu, nayo ni kama lita 27, kwa kuwa lita moja ya mafuta haifiki kilo. Wewe unajua mashine yako, kwa hiyo weka namba ya daftari lako, lakini tuendelee na hii. Tani 90 zinakupa lita 24,300. Mavuno mapya yatakuja Mei au Juni mwakani, na unajua vizuri kuliko mimi mbegu inavyokuwa Januari: haipo, na ikiwepo bei yake inauma. Una miezi 11 ya kuvuka kwa mbegu uliyonayo. Lita 24,300 kwa miezi 11 ni kama lita 2,200 kwa mwezi. Hiyo ndiyo Tanzania nzima yako.

Igawe basi. Maduka 10, kila moja katoni 12 za chupa 12 za lita moja, ni lita 1,440. Mama lishe waliokubeba tangu 2019 usiwatupe. Watengee madumu 24 ya lita 20 kwa mwezi, ni lita 480. Jumla lita 1,920. Inabaki akiba ya karibu lita 290 ya kuonjesha, kufidia zilizovuja, na mwezi ambao umeme utakatika wiki nzima. Usiiguse akiba hiyo jukwaani hata ukumbi ukishangilia namna gani. Chapa mpya haifi kwa kukosa wateja mwezi wa kwanza. Inakufa mwezi wa sita, pale mteja aliyezoea jina anapolikosa dukani mara tatu mfululizo, na mwenye duka anaijaza rafu yako na mafuta ya mwingine.

Kwa hiyo sentensi yako kubwa si "tutasambaza Tanzania nzima" bali "leo tunapokea maduka 10". Utaona jinsi watu watakavyokaa sawa kwenye viti.

Mashapo nayo. Kwenye ukurasa wako wa tano, chini ya kichwa cha "Changamoto", umezika kitu bora kuliko vyote ulivyoandika: yule mama lishe wa stendi aliyewarudishia dumu, akaliweka mezani na kuwaonyesha mashapo meusi chini, na kwamba kwa sababu yake mkakopa kununua mashine ya kuchuja. Hicho si changamoto. Hicho ndicho chanzo cha chapa yako, na ndiyo ahadi yake: mafuta yasiyo na mashapo. Mama lishe wote ukumbini wanajua yale mashapo yanavyoungua kwenye karai, yanavyotoa moshi na kuyafanya mafuta kuwa meusi kabla ya sinia la tatu la chapati. Huna haja ya kuwaeleza. Acha mengine yote, ubora wa hali ya juu, huduma ya kipekee, ubunifu. Ahadi moja ambayo mtu anaweza kuikagua kwa kuinua chupa kwenye mwanga inatosha. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 haikujitangaza kwa mitambo yake. Ilimwambia mtu atume pesa nyumbani, basi, na kila aliyekuwa na mama kijijini akaelewa.

Ila hapa kuna mtego, na nakuomba usome aya hii mara mbili. Unazindua mwezi wa saba, na usiku wa Singida mwezi wa saba unaujua. Alizeti ina nta yake ya asili, na mafuta yaliyochujwa tu, bila kusafishwa kiwandani na kuondolewa nta, yakipigwa na baridi hufanya ukungu. Utainua chupa mbele ya watu 120, useme "tazameni yalivyo safi", nayo yatakuwa yamefifia kama maji ya mchele. Wiki moja kabla, laza chupa tatu nje usiku kucha uone. Kama yanaganda ukungu, ukweli huo useme mwenyewe jukwaani kabla hajausema mtu mwingine, na uwafundishe namna ya kutofautisha: chupa ikiwekwa kwenye maji ya moto kiasi, ukungu wa baridi hupotea na mafuta hung'aa tena, lakini mashapo hubaki chini vilevile. Lete beseni la maji ya moto jukwaani ulifanye hilo mbele yao. Hakuna picha ya ukutani itakayoshinda beseni hilo. Waambie pia wasipange chupa barazani juani ili kuyeyusha, kwa maana jua na mwanga huyachachusha mafuta, na yakichacha harufu ile haina dawa.

Bei je? Watu hubishana kama itajwe. Mimi nasema ya rejareja itaje kwa sauti, ya jumla iandike kwenye karatasi. Ukumbini kuna wenye duka na kuna walaji wao wamekaa kiti kwa kiti. Ukitangaza kwamba mwenye duka anapata chupa kwa 6,000 na kuiuza 7,000, umemvua nguo mbele ya wateja wake, na kesho wataanza kumbana wampunguzie. Namba hizi ni za mfano tu. Karatasi ya meza ya oda ndiyo imwonyeshe kwamba katoni ya 72,000 inamrudishia 84,000. Na usiyasimange mafuta ya kupima. Najua inashawishi, ukiwa na chupa mpya mkononi, kusema yale ya kwenye ndoo ni machafu. Lakini mwenye duka anaishi kwa mafuta ya kupima, anayauza kwa mtu mwenye 500 mfukoni, na hataacha kuyauza kwa ajili yako. Wewe mwenyewe uliyauza kwenye madumu yasiyo na jina mpaka mwaka huu. Chupa yako inakuja kukaa pembeni yake.

Dumu linalovuja lipatie jibu la fedha kabla halijapata jibu la maneno. Chupa 1,440 kwa mwezi, tuseme mbili katika kila mia zitavuja au kupasuka, ni kama chupa 29. Kwa 6,000 kila moja ni 174,000 kwa mwezi. Kama unaweza kuzibeba, ahidi kuzibadilisha zote bila maneno. Kama huwezi, ahidi zile zinazoonekana siku ya kupokea mzigo tu, na useme hivyo waziwazi. Ahadi ndogo yenye mipaka wanaiheshimu. Wamekwishasikia zile kubwa.

Maneno matatu ya kufuta kwenye rasimu yako, na sitayarefusha. "Hayana lehemu": mafuta ya mimea yote hayana lehemu ya kutaja, kwa hiyo umejisifu kwa kitu ambacho hata mshindani wako anacho, na wapo wanaojua watacheka. "Yanasaidia wenye presha na kisukari": hilo ni dai la tiba, huna ushahidi wala kibali chake, na ukishalisema mbele ya watu wenye simu za kurekodi huwezi kulirudisha. "Yamethibitishwa na TBS": umeniandikia kwamba mmeomba. Kuomba si kupata. Tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, na leseni ya kutumia alama yao hutolewa kwa bidhaa, si kwa nia njema ya mwenye bidhaa. Kama haijatoka kufikia siku hiyo, usiitaje, na hakikisha alama haipo kwenye lebo. Ningekuwa mimi ningesogeza tarehe mpaka itoke, kwa kuwa mkaguzi akija, atakayekutwa na mzigo ni mwenye duka.

Na jina la bibi. Kama ulichosajili BRELA ni jina la biashara, hicho hakilindi jina lililo kwenye chupa. Hilo ni alama ya biashara, na lina maombi yake peke yake. Peleka maombi hayo kabla ya kulitamka jukwaani. Usajili wa Bara hauvuki maji pia: ukitaka kuuza Unguja, Zanzibar ina wakala wake, BPRA.

Haya, hotuba yenyewe. Palipo na nukta tatu weka jina la bibi. Nimeiandika kama unavyozungumza wewe kwenye ujumbe wako, si kama ulivyoandika kwenye kurasa sita. Badilisha usilolipenda.

"Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nawasalimu kwa salamu zetu zote, na itifaki imezingatiwa. Najua kuna maduka yamefungwa ili muwe hapa, kwa hiyo nitazungumza dakika saba, halafu mtaonja.

*(Inua dumu la zamani, tupu. Usiseme kitu mpaka wote wamelitazama.)*

Dumu hili mnalijua. Tangu 2019 tumewauzia mafuta humu, na wengi wenu mmetuvumilia. Siku moja mama yetu mmoja wa pale stendi alituletea dumu kama hili. Hakugomba. Aliliweka mezani, akasema, tazameni chini. Tulitazama. Chini kulikuwa na mashapo meusi. Akasema, mimi nauza chapati, siuzi moshi. Mama huyo yuko hapa leo, na nimemwomba ruhusa ya kusimulia.

Bibi yetu aliyetulea alikuwa na neno lake kuhusu kitu cha kuuza: kama huwezi kukila mwenyewe, usimpelekee mtu. Tuliona aibu. Tukakopa, tukanunua mashine ya kuchuja. Na mafuta yanayotoka kwenye mashine hiyo tukaona yana haki ya kubeba jina lake.

*(Weka dumu chini. Inua chupa. Nyamaza kidogo.)*

Haya ni mafuta ya … . Alizeti ya Singida, yamechujwa, hayana mashapo. Mkikuta mashapo kwenye chupa ya … , irudisheni dukani, mwenye duka atairudisha kwetu, nasi tutatoa nyingine. Kila chupa ina namba ya siku iliyojazwa, kwa hiyo tutajua kosa letu lilitokea lini.

Kitu kimoja niwaambie mimi kabla hamjakiona. Baridi hii ya mwezi wa saba huyafanya yafifie. Ile ni nta ya alizeti, si uchafu. Nani aje hapa mbele anisaidie? *(Chupa kwenye beseni.)* Tuyaache kidogo, tutarudi.

Wenye maduka. Mlaji atanunua lita moja kwa shilingi 7,000. Bei yenu iko kwenye karatasi, kwenye meza ile ya kaka yangu. Mzigo utafika dukani kwenu kila wiki ya kwanza ya mwezi. Chupa itakayokutwa imevuja siku ya kupokea, hasara ni yetu. Mkopo kwa sasa hatuna. Nasema mapema ili tusije tukanuniana.

Mbegu tuliyonayo ghalani inatosha maduka 10 mpaka mavuno yajayo. Si 11. Tungeweza kuchukua 40 leo tukawakosesha wote Januari, na hatutaki. Maduka 10 yatakayoandika leo yatapata katoni 12 kila mwezi mpaka Mei. Wengine tutaandika majina, na mtakuwa wa kwanza mavuno yakiingia.

Mama lishe. Dumu la lita 20 halijafa. Kuna madumu 24 kila mwezi kwa ajili yenu, sasa yana lakiri na jina.

Wakulima wetu. Ninyi mnaijua mizani yetu. Mwaka huu tunataka mbegu iliyokauka na isiyo na mchanga, kwa sababu mchanga mnaotuuzia kwa kilo ndio unaokuja kuniaibisha kwenye chupa. Na sisi tutalipa siku ileile ya kupima.

*(Rudi kwenye beseni, toa chupa, inua.)*

Tazameni sasa. Haya ndiyo mafuta ya … . Karibuni mezani, chapati ni za moto."

Hiyo ina maneno kama 340. Kwa maneno 100 kwa dakika ni kama dakika tatu na nusu, na zinazobaki mpaka saba ni za kunyamaza, za dumu na za beseni. Jina la bibi limetajwa mara tatu tu, na mara ya kwanza limekuja katikati, baada ya watu kujua kwa nini lipo. Umelitaja mara 31 kwenye kurasa zako, nimehesabu. Jina linalotajwa kila sentensi sikio hulizoea kama sauti ya jenereta.

Mambo mawili ya jukwaani. Ichapishe kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi tu, na sentensi isivuke ukurasa. Mikono itatetemeka, hilo lisikupe shida, ila karatasi ya kupindua itakupotezea mahali. Halafu ifanyie mazoezi mara tatu kwa sauti ukiwa umeshika dumu na chupa kwelikweli, maana hapo ndipo utagundua kwamba huna mkono wa kushika kipaza sauti. Mwombe mpiga muziki kile cha kubana kwenye nguo, au kaka yako asimame akushikie. Maji ya beseni yaletwe kwenye chupa ya chai na kumiminwa unapopanda jukwaani. Ukiyaweka tangu saa 3 yatakuwa yamepoa na chupa itabaki na ukungu wake mbele ya watu. Lifanyie jaribio hilo nyumbani kwa saa. Kama inachukua dakika moja na nusu hivi kung'aa, aya za wenye maduka, mama lishe na wakulima zinakutosha. Kama inachukua zaidi, anza na chupa iliyokwisha kupashwa nusu.

Watakuuliza maswali, na la kwanza litakuwa la mkopo. Umeshalijibu ndani ya hotuba, lirudie kwa maneno yaleyale bila kuongeza. Watu wa benki watakuwa wanakutazama hapo kuliko kwenye sehemu nyingine yoyote.

Mwisho, mgeni rasmi. Ofisi yake itakuomba maelezo ya kumwandalia hotuba, au itakosa kuomba na yeye atabuni. Mtu mwema, ukumbi umejaa, chapati zinanukia: atasimama aagize kila duka la wilaya liweke mafuta haya kabla ya mwisho wa mwezi, na makofi yatapigwa, na wewe utakuwa umeahidiwa kwa niaba yako lita ambazo huna. Wiki moja kabla mpelekee katibu wake nusu ukurasa, mistari minane, na ule wa "maduka 10 kwa msimu huu, kwa mujibu wa mbegu iliyopo ghalani" uwe wa pili kutoka juu.